Umenyimwa Okoa Jahazi na deni huna? Hivi ndivyo utakavyojua sababu

Wanaokuja kibandani na lalamiko hili huwa na maneno yaleyale: "Mimi kila siku natia pesa kwa simu, deni sina, laini ni ya miaka. Mbona nikiomba Okoa naambiwa sistahili?" Na kila mara huwa wanasema kweli. Pesa wanatia, deni hawana, laini ni ya zamani. Ila mtambo unaopima mkopo wa kredo haujui pesa zilizotoka mfukoni mwako. Unajua tu kredo iliyoingia kwenye laini ile unayoomba nayo. Baina ya hayo mawili pana pengo kubwa, na humo ndimo wateja wengi hupotelea.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mfano wa Okoa Jahazi ya Safaricom kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi huku Mombasa. Mitandao mingine ina majina yake na namba zake za nyota, lakini namna ya kupima mteja inafanana. Zifuate hatua kwa mpangilio, maana za mwanzo huchukua dakika moja na huenda zikakutosha.

Hatua ya kwanza: usome ujumbe, usiukisie

Piga *131# uombe, kisha usome neno kwa neno kilichoandikwa. Majibu ya kukataliwa ni ya aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Aina ya kwanza si kukataliwa hata kidogo. Skrini inazunguka, kisha simu za Android huandika "Connection problem or invalid MMI code". Hapo ombi lako halikufika popote. Ni mtandao uliozidiwa au ishara dhaifu. Washa na uzime hali ya ndege, sogea dirishani, jaribu tena baada ya dakika kumi. Ukiona imetoka hivyo jioni, saa ambazo kila mtu anapiga namba za nyota, jaribu asubuhi mapema. Kuna watu wamekaa mwezi mzima wakiamini wamefungiwa, kumbe menyu tu ilikuwa inakatika.

Aina ya pili ni ujumbe unaotaja deni, hata kama wewe una uhakika huna. Hiyo tutaifikia katika hatua ya tatu.

Aina ya tatu ni ile inayosema kwamba kwa sasa hustahili huduma, bila kutaja deni. Hii ndiyo yenye kazi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yake. Neno la kushika hapo ni "kwa sasa". Mtambo haukupi hukumu ya kudumu. Unakupa matokeo ya hesabu iliyopigwa karibuni, na hesabu hiyo hupigwa upya.

Hatua ya pili: hakikisha ni laini gani iliyoomba

Hili ni dogo mpaka linatia aibu, lakini siliruki tena tangu nilipomhangaikia mteja mmoja nusu saa. Simu yenye laini mbili huchagua laini ya kupigia, na mara nyingi ile iliyowekwa kuwa ya kawaida siyo unayoifikiria. Unapiga *131#, simu inaitumia kwenye laini ya pili uliyoinunua juzi kwa ajili ya bando za bei rahisi, na laini hiyo changa inajibiwa inavyostahili: bado. Ingia mipangilio ya laini, weka simu ikuulize kila unapopiga, kisha ujaribu tena kwa laini yako ya zamani.

Ukiwa hapo, jiulize pia umri wa laini kwa mtandao ule, kwa kuwa huo ndio unaohesabiwa, wala si umri wa namba. Hapa Kenya mtu ameweza kuhamisha namba yake kutoka mtandao mmoja hadi mwingine tangu Aprili 2011. Namba inabaki ileile ambayo jamaa zako wanaijua tangu enzi za kabambe, lakini mtandao uliouhamia unakuona mgeni. Historia yako imebaki kule ulikotoka. Vivyo hivyo kwa namba iliyolala bila kutumika hadi ikafutwa, kisha ikauzwa tena: aliyeinunua ameanza ukurasa mpya. Kubadilisha kadi ya laini iliyopotea ni jambo jingine. Hapo namba na historia vinabaki vyako.

Na kama laini yako ni ya malipo baada ya matumizi, au ni ya kampuni inayolipiwa na mwajiri, usihangaike. Mkopo huu ni wa laini za kulipia kabla. Anayelipa mwisho wa mwezi tayari anakopeshwa kwa njia nyingine.

Hatua ya tatu: tafuta deni dogo lililobaki

Okoa Jahazi hutozwa asilimia 10. Ukiomba ya shilingi 100, unapata kredo ya 90, na unadaiwa 100. Hapo ndipo mguu wa kwanza unapoteleza. Mtu aliyepokea 90 kichwani mwake anadaiwa 90. Anaweka 50, inakatwa. Baada ya siku mbili anaweka 40, inakatwa. Anahesabu: tisini kwa tisini, nimemaliza. Kwa mtandao bado ana deni la shilingi 10, na kwa kuwa hazionekani kwa macho, anaapa hana deni.

Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu. Angalia salio kwa *144#, kisha uingie menyu ya *131# utazame panapoonyeshwa deni. Kama lipo hata la shilingi chache, nunua kredo ya kutosha kulifuta na upewe ujumbe wa kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Ujumbe huo usiufute. Ndio ushahidi wako utakapopigia huduma kwa wateja.

Kuna namna nyingine ya deni kukawia bila mtu kujua. Deni la kredo hukatwa pale kredo inapoingia kwenye laini. Anayenunua bando moja kwa moja kutoka M-Pesa hajatia kredo. Pesa zimetoka kwenye akaunti ya M-Pesa zikawa bando, hazikupita kwenye salio la kupigia. Mtu anaweza kukaa wiki tatu na deni la 50 huku kila siku ananunua bando, kila siku anaperuzi, na hakuna kilichokatwa. Kwake mambo ni shwari. Kwenye rekodi, ni mdaiwa aliyechelewa wiki tatu.

Ucheleweshaji huo una gharama hata baada ya kulipa. Ada ya Okoa haipandi kila siku kama ile ya Fuliza, hivyo watu hudhani kuchelewa ni bure. Hutozwi shilingi zaidi, ni kweli. Lakini mpimaji wa mikopo anaangalia ulilipa baada ya siku ngapi, na aliyelipa leo deni la wiki tatu huenda akapunguziwa kikomo au kukinyimwa kabisa kwa muda. Soma ujumbe uliopewa siku ya kukopa. Muda wa kulipa huandikwa humo, na umewahi kubadilishwa, kwa hiyo usishike ule uliousikia kwa rafiki.

Hatua ya nne: hesabu kredo iliyoingia kwenye laini yako

Sasa tumefika penyewe. Laini ni ya zamani, deni halipo, na bado jibu ni hustahili. Chukua kalamu.

Mpimaji wa mkopo wa kredo hutazama mambo machache: laini imekaa mtandaoni kwa muda gani, huwekwa kredo mara ngapi, huwekwa kiasi gani kila mara, na mikopo ya nyuma ililipwaje. Anatazama siku za karibuni zaidi kuliko za mbali. Aliyekuwa akiweka 100 kila siku mwaka jana, na mwezi huu ameweka mara mbili tu, anapimwa kwa mwezi huu. Na sababu yake si siri: mkopo utalipwa na kredo utakayoweka kesho, kwa hiyo mkopeshaji anataka dalili kwamba kesho utaweka.

Tumchukue fundi cherehani wa Likoni. Kwa siku thelathini zilizopita alitoa pesa hivi. Alinunua bando za data za shilingi 50 mara 18, zote moja kwa moja kutoka M-Pesa: 900. Mwanawe yuko chuo Kilifi, akamtumia kredo ya 100 mara tatu, pia kutoka M-Pesa yake: 300. Kwenye laini yake mwenyewe aliweka kredo ya 20 mara nane kwa kupiga simu za wateja: 160. Jumla, mfukoni mwake zimetoka shilingi 1,360 za simu. Isitoshe, mumewe alimsambazia 50 mara tatu, hiyo ni 150 nyingine aliyotumia.

Ukimuuliza, atakwambia anatumia kama elfu moja na mia tano kwa mwezi, na hatakuwa amedanganya. Sasa simama upande wa mtambo. Zile 900 za bando hazikupita kwenye salio la kredo. Zile 300 ziliingia laini ya mwanawe, na kama kuna laini iliyojengewa sifa ni ile ya Kilifi. M-Pesa ililipa, lakini laini iliyopokea ndiyo iliyoandikiwa. Zile 150 za mumewe zilikuwa kredo iliyohamishwa kutoka laini nyingine, na kredo ya kusambaziwa kwa kawaida haihesabiwi sawa na kredo mpya iliyonunuliwa, kwa sababu mtandao haukupokea pesa mpya. Kilichobaki ni 160. Kwa siku thelathini, hiyo ni shilingi 5 na senti kidogo kwa siku. Anaomba Okoa ya 100 mtu ambaye, kwa rekodi, angehitaji karibu siku kumi na tisa kuilipa.

Na wewe fanya hesabu yako namna hiyo. Fungua ujumbe wa M-Pesa wa mwezi mmoja, au omba taarifa ya akaunti kupitia *334# au programu ya M-Pesa, uandike safu tatu: kredo iliyoingia laini yako, kredo uliyonunulia laini nyingine, na bando zilizolipiwa moja kwa moja. Ongeza kwenye safu ya kwanza kadi ulizokwangua. Hizo hazitaonekana kwenye taarifa ya M-Pesa ila kwenye laini zinahesabiwa. Halafu tazama safu ya kwanza peke yake. Mara nyingi mteja akifika hapo hunyamaza kidogo, kisha husema, "Kumbe."

Kuna waliochanganyikiwa na Fuliza. "Fuliza wananipa elfu tano, Okoa ya hamsini wananinyima, si dharau hiyo?" Hizo ni nyumba mbili. Fuliza ni mkopo unaotolewa pamoja na benki za NCBA na KCB, na hutazama mienendo yako ya M-Pesa. Okoa ni kredo, na hutazama kredo. Mfanyabiashara anayepitisha laki moja kwa M-Pesa kila mwezi lakini anapiga simu zake kwa WhatsApp atakuwa tajiri upande mmoja na maskini upande wa pili.

Hatua ya tano: badilisha njia, usiongeze pesa

Kosa la haraka ni kuweka kredo ya 500 kwa mpigo ili kumshtua mkopeshaji. Hiyo ni mara moja, na kinachotafutwa ni mazoea. Mara kumi za 50 zina uzito kuliko mara moja ya 500, kwa sababu zinaonyesha kwamba kila baada ya siku chache kuna kredo inayoingia, na deni likiwepo litapata pa kukatwa.

Turudi kwa fundi wetu. Hahitaji kutoa hata shilingi zaidi. Zile bando 18 za 50, badala ya kuzilipia kwa M-Pesa moja kwa moja, anunue kredo ya 50 kwenye laini yake, kisha anunue bando kwa salio la kredo kupitia *544#. Pesa ni zilezile, bando ileile, lakini safu ya kwanza inaruka kutoka 160 hadi 1,060. Ya mwanawe aiache ilivyo.

Kuna mitego miwili hapo, na yote nimeiona. Wa kwanza: zima data kabla ya kuweka kredo, uiwashe baada ya bando kuingia. Ukiweka kredo ya 50 huku data inafanya kazi bila bando, programu za simu zitaitafuna kwa bei ya nje ya bando, na utakapoifikia menyu umebaki na 38, haitoshi. Wa pili: linganisha bei kwanza. Huwa kuna ofa zinazopatikana tu kwa anayelipa kwa M-Pesa. Kama ofa ile ni nafuu sana, nunua ofa, usiache faida ya kweli kwa ajili ya sifa ya kukopa kredo. Mimi binafsi sioni haja ya mtu kuvunja utaratibu wake mzuri wa bando ili apate kukopa kwa ada ya asilimia 10. Lakini kuna watu, kama waendesha boda na mafundi, ambao simu moja isiyopigwa ni kazi iliyopotea, na kwao kikomo cha 50 ni akiba ya maana.

Mpe mtambo muda. Usijaribu kila saa. Kujaribu mara ishirini kwa siku hakukuongezei chochote, kwa kuwa kikomo hakipimwi upya kwa kuombwa. Endelea na njia mpya kwa wiki nne hivi, ukijaribu mara moja kwa wiki. Kikianza kuonekana, kitaanza chini: 10, 20, pengine 50. Kichukue hicho kidogo na ukilipe kesho yake. Mkopo wa 20 uliolipwa haraka mara kadhaa husaidia zaidi ya kusubiri upewe 100.

Na anayekujia na ahadi ya kukuongezea kikomo kwa ada, au anayekupigia akisema ni wa mtandao na anataka PIN ya M-Pesa ili "akufungulie Okoa", mkatie simu. Kikomo hakiongezwi na mtu, na Okoa haihitaji PIN ya M-Pesa.

Hatua ya sita: kupiga simu ya huduma kwa wateja

Ipige tu baada ya hatua zilizotangulia, la sivyo utaambiwa "endelea kutumia huduma zetu" na simu itaisha. Kwa laini za kulipia kabla za Safaricom ni 100. Anayepokea hana kitufe cha kukupa mkopo, kwa hiyo usimwombe mkopo. Mwombe taarifa, na uliza hivi:

1. Laini hii iliwashwa lini kwenye mtandao wenu, na imeandikishwa kwa jina la nani?
2. Je, inaonyesha deni lolote la kredo au la data, hata la shilingi moja?
3. Je, ipo kwenye orodha ya waliozuiwa huduma hii, au kikomo ni sifuri tu?

Swali la kwanza lina mshangao wake. Wengi wetu tunatumia laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha ndugu au cha mume. Piga *106# uone ni namba zipi zilizo chini ya kitambulisho chako. Kama unayoitumia haimo, basi hata kushughulikiwa kwa simu hutashughulikiwa, maana maswali ya usalama yatakuwa ya mwenye jina. Aliyeandikishwa aende nawe dukani na kitambulisho chake.

Swali la pili hufichua deni la bando. Siku hizi hukopeshwa data pia, si kredo pekee, na mtu aliyeangalia deni la kredo akakuta sifuri huenda ana deni la data alilolichukua usiku mmoja akalisahau.

Swali la tatu ndilo la maana, na ndilo linalosahauliwa. Kikomo sifuri na kuzuiwa huonekana sawa kwenye skrini yako, lakini si kitu kimoja. Kikomo sifuri hutibiwa na hatua ya tano. Aliyezuiwa anaweza kuweka kredo mwaka mzima asione kitu, kwa sababu kuna alama kwenye laini yake: pengine aliomba mwenyewe zamani asikopeshwe tena, pengine ni deni lililolipwa lakini rekodi haikufungwa. Ukiwa ni huyo, mwombe mhudumu aifungulie laini yako shauri, akupe namba ya shauri hilo, nawe uwe na ule ujumbe wa kuthibitisha malipo niliokwambia usiufute. Rekodi ikisharekebishwa, jaribu *131# kesho yake asubuhi, ukiwa na laini sahihi.